Sura ya Sita: Pesa Zimeenda kwa Nani?

"Nimelipa, lakini muuzaji anasema hajaona kitu. Nikitazama ujumbe, jina lililotoka silo lake. Je, nitazipata?"

Swali hili huulizwa sokoni, kwenye stendi za matatu na mbele ya vibanda vya mawakala kila siku, na anayeuliza mara nyingi ameishika simu kwa mikono miwili huku jasho likimtoka. Jibu la kweli ni kwamba pesa huenda zikarudi. Kinachoamua kuliko vyote ni kama bado zimo kwenye akaunti ya aliyezipokea wakati ombi lako linapofika. Kampuni ya simu haiwezi kurudisha kisichokuwapo, na hata kikiwapo haikichukui tu, kwa sababu ambayo nitaieleza mbele kidogo.

Sura hii inahusu Kenya na M-PESA, huduma iliyoanza mwaka 2007 na ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia kumlipa muuza mboga, fundi na mwenye duka. Nchi nyingine zina nambari zao na taratibu zao, lakini mantiki yake ni ileile.

Unamlipa muuzaji kwa njia gani?

Kabla ya kutafuta pesa zilikopotelea, jua kwanza ulizituma kwa njia ipi. Muuzaji wa Kenya anaweza kukupa mojawapo ya nambari nne, na kila moja ina mlango wake wa kurudia.

Ya kwanza ni nambari yake ya simu ya kawaida. Unaingia sehemu ya kutuma pesa, unaandika tarakimu kumi, na pesa zinaingia kwenye akaunti ya mtu binafsi. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Karibu kila mfuatano wa tarakimu unaoanza kwa 07 na kufuatwa na nane nyingine ni laini ya mtu fulani. Ukikosea tarakimu moja, muamala haukwami. Unapita na kumfikia mtu mwingine aliye hai, pengine Turkana, pengine Busia.

Ya pili ni Pochi la Biashara. Hii pia hutumia nambari ya simu ya muuzaji, ila pesa zinaingia kwenye mfuko wa biashara uliotengwa na pesa zake za nyumbani. Ya tatu ni nambari ya Till, zile tarakimu chache zilizoandikwa kwenye bango la kijani dukani. Ya nne ni Paybill, ambayo huenda pamoja na nambari ya akaunti, kama vile unaponunua umeme au kulipa karo.

Kwenye Till, ukikosea, pesa zimeingia kwenye biashara yenye jina, na jina hilo liko kwenye ujumbe wako. Mara nyingi ni duka la jirani ambaye nambari yake unayo kwenye simu tangu wiki iliyopita. Kwenye Paybill, kosa la kawaida ni nambari ya akaunti. Pesa ziko kwa kampuni sahihi lakini zimewekwa kwa mteja mwingine, kwa hiyo ni kampuni hiyo yenyewe unayopaswa kuiendea ukiwa na ujumbe wa malipo. Sehemu kubwa ya sura hii nitaitumia kwa njia ya kwanza, nambari ya simu ya mtu, kwa kuwa ndiyo inayoliza watu.

Jumamosi moja Kongowea

Tuchukue mfano. Mama mmoja mwenye hoteli ndogo Kisauni anakwenda soko la Kongowea, Mombasa, kununua vitunguu na viazi vya wiki nzima. Hesabu inafika shilingi 4,800. Muuzaji ni mzee ambaye nambari yake imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni kilichoning'inia juu ya magunia. Tarakimu ya tatu kutoka mwisho ni saba, lakini mkia wake umefifia kwa vumbi na jua. Mama anaisoma kuwa moja.

Anaandika nambari, anaandika 4,800, anatia nambari yake ya siri. Simu inamwonyesha jina la mwanamume. Hajui jina la mzee. Yeye humwita "mzee" tu. Anaona ni jina la mwanamume, anakubali. Akaunti yake inakatwa 4,857, yaani 4,800 za vitunguu na viazi na 57 za ada ya kutuma.

"Mzee, nimetuma."

"Bado, dadangu. Ngoja kidogo, mtandao huwa mzito."

Wanangoja. Dakika mbili, tatu. Hatimaye mzee anaomba kuona ujumbe, anasoma jina, anatikisa kichwa. "Huyu simjui."

Hapa pana mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni lile jina. Huduma ya kuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka inaitwa Hakikisha. Ukitumia menyu ya laini, baada ya kuandika kila kitu unapewa sekunde 25 hivi za kusitisha: unaandika herufi au tarakimu yoyote, unaituma, na muamala unakufa. Ukitumia programu ya simu janja, jina linatokea kabla hujatia nambari ya siri. Ni kinga nzuri, ila inafanya kazi tu kwa mtu anayejua jina analolitarajia. Mama wa Kisauni alilitazama jina bila ya kuwa na la kulilinganisha nalo.

Tabia hii tumejifunza kwa wauzaji wenyewe. Laini nyingi za biashara zimesajiliwa kwa jina la mke, kaka au mtoto mkubwa. Mteja anazoea kuona jina la mtu asiyemfahamu, na baada ya miezi kadhaa hasomi tena. Ndiyo maana swali la kuuliza kabla ya kuandika chochote ni moja: "Jina litakuja la nani?" Muuzaji akijibu "la mke wangu" na kulitaja, sasa unacho cha kulinganisha. Wauzaji wengi hulitaja bila hata kuulizwa, na hao ni wa kushukuriwa.

La pili ni zile dakika tatu za kungoja mtandao. Ujumbe wa kuthibitisha ukishafika kwenye simu ya mlipaji, pesa zimekwisha kutoka na kuingia kwingine. Ujumbe wa muuzaji unaweza kuchelewa, ni kweli, lakini jina lililo kwenye ujumbe wako halichelewi. Lisome kwa sauti papo hapo, mbele ya muuzaji. Kama si lake, dakika ambazo ungengoja mtandao ndizo unazozihitaji zaidi.

> Kwa ufupi
> Jina unalolitarajia liulize kabla. Jina lililotoka lisome mara moja. Kati ya hayo mawili ndipo kosa linapokamatwa bila gharama.

Kwanza 456, kisha simu

Mtu akigundua kosa, mkono wake humwambia ampigie yule aliyepokea. Ni jambo la utu: unamweleza, unamwomba, unategemea atakuelewa. Mara nyingi ataelewa. Tatizo ni mpangilio wa hatua. Ukimpigia kwanza na akawa si mwaminifu, umempa taarifa ya kwamba kuna pesa zinazotafutwa, na wakala yuko hatua chache kutoka alipo. Ukianza kwa kampuni, unaomba pesa zizuiwe kabla yeye hajajua lolote.

Kwa hiyo mpangilio ni huu:

1. Fungua ujumbe wa muamala huo kutoka M-PESA. Usiuandike upya wala usiufupishe. Ule msimbo wa herufi na tarakimu ulio mwanzoni ndio unaoutambulisha muamala.
2. Usambaze ujumbe wote, ulivyo, kwa nambari 456. Hili ndilo ombi rasmi la kurudisha muamala, ambalo watu huliita kurivasi.
3. Ngoja ujumbe wa kujulishwa kwamba ombi limepokewa. Usipouona, piga huduma kwa wateja, 100 kwa laini za kulipia kabla na 200 kwa za kulipia baadaye, ukiwa na msimbo mkononi.
4. Sasa mpigie aliyepokea. Jitambulishe, taja kiasi na saa, na mwambie kwamba ombi tayari liko kwa kampuni na kwamba hahitaji kukutumia chochote, ila akubali atakapoulizwa.

Hatua ya nne inahitaji ulimi mzuri. Unayempigia hakufanya kosa lolote, pesa zimemwangukia. Akisikia vitisho vya polisi katika sentensi ya kwanza, atakata simu na kukufungia nambari. "Samahani ndugu yangu, nimekosea nambari nikimlipa mwenye vitunguu Kongowea" ni mwanzo unaoeleweka na kila Mkenya, kwa sababu naye amewahi kusimama mbele ya muuzaji na simu mkononi.

Mama wa Kisauni akifuata mpangilio huu, na aliyepokea akiwa hajagusa pesa, zile 4,800 zitazuiwa kwenye akaunti yake, ataulizwa, atakubali, na zitarudi. Shughuli inaweza kuchukua saa chache tu, na inaweza kuvuka siku. Wakati huo pesa si zake wala si za mpokeaji, zimekaa katikati.

Kama pesa zilikwenda kwenye laini ya mtandao mwingine, jambo ni gumu zaidi. Tangu mwaka 2018 unaweza kutuma kutoka M-PESA kwenda Airtel Money moja kwa moja, lakini pesa zikishavuka zinashikwa na kampuni nyingine, na kampuni yako haiwezi kuzizuia kwa mkono wake. Hapo wapigie wako kwanza na uwape msimbo, kisha zungumza na mpokeaji.

Kwa nini hawazirudishi tu?

Hili ndilo linalowaudhi watu. Ushahidi upo, jina lipo, kampuni ina uwezo wa kuona kila shilingi ilipo. Mbona inamuuliza mtu kama anakubali kurudisha kisichokuwa chake?

Sababu iko upande wa pili wa meza, kwa muuzaji. Fikiria mama muuza samaki Likoni. Mteja anachukua kilo tatu, anatuma pesa, ujumbe unaingia, mama anaona, samaki wanafungwa. Mteja akishapanda matatu anausambaza ujumbe kwa 456 na kudai alikosea nambari. Kama kampuni ingerudisha kila pesa inayoombwa bila ya kuuliza, samaki wangekuwa wamekwenda bure. Huu si mfano wa kubuni hewani. Wauzaji wadogo walipoteza pesa kwa njia hiyo na walilalamika kwa muda mrefu, na kinga dhidi ya marejesho ya hila ni mojawapo ya sababu za kuwapo kwa Pochi la Biashara, ambayo mteja hawezi kurivasi kiholela bila muuzaji kukubali.

Kompyuta ya kampuni inaona kwamba 4,800 zimetoka hapa na kuingia pale. Haioni vitunguu. Haijui kama mtu wa pili ni mgeni kabisa au ni muuzaji aliyekwisha kukabidhi bidhaa. Miamala hiyo miwili inafanana kwa kila kitu kinachoandikwa kwenye mfumo. Kwa hiyo njia pekee ya kuitofautisha ni kumuuliza aliyepokea, na kuzuia pesa wakati anaulizwa.

Nadhani uamuzi huo ni wa haki, hata kama unamuumiza aliyekosea kwa dhati. Mfumo unaomwamini mtumaji peke yake ungewafanya wauzaji wote warudi kudai noti. Lakini nadhani pia kwamba kampuni ina wajibu wa kueleza jambo hili waziwazi, kwa lugha ya watu, badala ya kumwachia mteja ajue siku ya maafa.

Pesa zikiwa hazipo

Wakati mwingine ombi la mama wa Kisauni linarudi na jibu la kwamba haliwezekani kwa sababu salio halitoshi. Wengi husoma jibu hilo na kusema, "Mwizi amezitoa." Pengine. Lakini kuna uwezekano mwingine ambao watu hawaufikirii, nao ni Fuliza.

Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, ni mkopo mdogo unaokuwezesha kukamilisha malipo hata salio lako likipungua. Deni lake hujilipa lenyewe: pesa yoyote inayoingia kwenye M-PESA hukatwa kwanza kulipia kinachodaiwa. Tuseme kijana aliyepokea zile 4,800 alikuwa anadaiwa Fuliza shilingi 3,000. Sekunde ileile pesa zilipoingia, 3,000 zilikwenda kulipa deni. Kwenye salio zimebaki 1,800. Hakubonyeza kitu, hakumwona wakala, na pengine alikuwa shambani simu ikiwa mfukoni. Pesa za vitunguu vya Kongowea zimelipa deni lake bila ya yeye kujua.

Kisheria bado amenufaika kwa pesa zisizo zake na anapaswa kuzirudisha. Lakini namna ya kuzungumza naye inabadilika kabisa. Mtu wa namna hii hafichi pesa, ila hana. Anachoweza ni kurudisha 1,800 leo na kupanga nawe kuhusu 3,000 zilizobaki. Makubaliano hayo yaandikeni kwenye ujumbe wa simu: kiasi, tarehe, na jina lake kamili. Ujumbe ambamo yeye mwenyewe anaandika "nakubali nina deni lako la 3,000 ulizotuma kwa makosa" una uzito mkubwa kuliko simu kumi za maneno matupu, na utauhitaji ukifika mbele ya askari au hakimu.

Akizima simu na kukufungia nambari, sasa una mtu wa aina nyingine.

Vitunguu ni vya nani?

Tumemwacha mzee wa Kongowea amesimama na magunia yake. Swali la kawaida: nimeshalipa, ingawa zimekwenda kwingine, je, anaweza kunizuilia mzigo?

Anaweza. Hajalipwa. Makubaliano yenu yalikuwa yeye alipwe 4,800, na hazijafika kwake. Kosa la mlipaji halimfanyi muuzaji apoteze bidhaa. Mama wa Kisauni akitaka vitunguu leo, itabidi alipe tena au waelewane. Wauzaji wengi wanaomfahamu mteja huuweka mzigo kando hadi jioni, au wanakubali nusu ya pesa. Hilo ni jambo la hisani.

Mambo yanageuka kama nambari iliyokosewa ilitoka kwa muuzaji mwenyewe. Kama katoni ilikuwa na tarakimu isiyo sahihi, au mzee ndiye aliyeitaja vibaya kwa mdomo, mteja alifuata maagizo aliyopewa na mwenye mali. Hapo mteja ana hoja nzito ya kusema hasara si yake peke yake. Katika mfano wetu tarakimu ilikuwa sahihi ila imefifia, kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake ya lawama, na ingekuwa haki wagawane maumivu. Vyovyote vile, piga picha ya bango au katoni kabla ya kuondoka. Kesho litakuwa limeandikwa upya kwa kalamu mpya, na hutakuwa na la kuonyesha.

Wauzaji nao wana la kufanya. Nambari iliyoandikwa na jina chini yake, kwa wino usiofutika, inaokoa mabishano mengi. Anayetumia Till atazame bango lake kila asubuhi kuhakikisha hakuna aliyebandika karatasi yenye nambari nyingine juu ya yake.

Kituo cha polisi, kisha mahakama

Kampuni ya simu haitakupa kitambulisho wala makazi ya aliyepokea. Hiyo ni taarifa ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inailinda. Ulicho nacho ni jina na nambari. Taarifa nyingine zitatoka kwa kampuni kwenda kwa polisi wanaochunguza, au kwa amri ya mahakama.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na ujumbe wa muamala, taarifa ya akaunti inayoonyesha muamala huo, jibu la kampuni kuhusu ombi lako, na ujumbe wowote kati yako na mpokeaji. Hakikisha malalamiko yako yameandikwa kwenye kitabu cha matukio, na usiondoke bila nambari ya OB. Bila nambari hiyo, ulikwenda kusimulia tu.

Sheria unayoitegemea ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 35. Kinasema kwamba anayeficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa anatenda kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Neno la kuzingatia ni "kwa makusudi". Kijana wa Fuliza ambaye hakujua hajatenda kosa. Aliyepigiwa simu, akaelezwa, akakubali kwamba ameziona, kisha akazitoa na kuzima simu, huyo yumo. Ndiyo maana ushahidi wa kwamba ulimjulisha ni muhimu kama ushahidi wa kwamba ulituma.

Kesi ya jinai humwadhibu mtu. Kupata pesa zako ni shauri lingine, la madai, na kwa kiasi kama hiki mahali pake ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ilianza kazi mwaka 2021, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Kikwazo ni kwamba lazima umjue unayemshtaki na mahali anapoweza kupelekewa hati, na hapo ndipo uchunguzi wa polisi unapotangulia.

Je, inafaa kwenda mbali hivyo? Kwa shilingi 800, kwa maoni yangu, hapana; nauli na siku ulizofunga biashara zitapita kiasi hicho. Kwa 4,800 ripoti ya polisi ina maana, kwa kuwa mara nyingi simu moja ya askari humkumbusha mtu kwamba pesa si zake. Kwa 48,000, nenda hadi mwisho.

> Kwa ufupi
> Pesa zikiwapo: 456 na ridhaa ya mpokeaji.
> Pesa zikiwa hazipo na mtu yuko tayari: makubaliano ya maandishi.
> Mtu akikataa: nambari ya OB, kisha Mahakama ya Madai Madogo.

Jihadhari na wanaojitolea kukusaidia

Mtu akilalamika hadharani kwamba ametuma pesa kimakosa, haipiti muda kabla hajapigiwa simu na "ofisa" anayetaka kumsaidia kurudisha muamala. Atamwomba nambari ya siri, au amwambie abonyeze tarakimu fulani, au atume kwanza ada ya kuharakisha. Hakuna hatua yoyote ya kurudisha muamala inayohitaji mtu mwingine ajue nambari yako ya siri. Safaricom ikikupigia hutumia nambari 0722 000 000. Nyingine yoyote, kata.

Zikikuangukia wewe

Siku moja utakuwa wewe ndiye unayepokea. Simu italia, 4,800 zitaingia, na dakika chache baadaye mtu usiyemjua atapiga akilia.

Kwanza angalia salio lako mwenyewe kupitia menyu ya M-PESA. Usiamini ujumbe peke yake, kwa maana matapeli hutuma ujumbe unaofanana na wa M-PESA kutoka nambari ya kawaida, kisha huomba "urudishe" pesa ambazo hazikuingia kamwe. Kama salio halikuongezeka, hakuna cha kurudisha.

Kama limeongezeka, usizitume kwa mkono. Hili huwashangaza watu wema, lakini lina sababu. Tuseme umemtumia zile 4,800, na yeye alikuwa tayari ameusambaza ujumbe kwa 456. Pesa nyingine 4,800 zinaweza kuzuiwa kwenye akaunti yako kwa ombi lake, nawe utajikuta ukithibitisha kwamba ulishalipa. Pia hujui kama anayepiga ndiye mwenye pesa. Matapeli hukutumia pesa zilizoibiwa kwa mtu wa tatu na kukuomba uzipeleke kwao kwenye nambari nyingine. Pesa zirudi kwa njia zilizopitia.

Mwambie hivi: "Nimeziona, sitazigusa. Sambaza ujumbe wako kwa 456, nami nitakubali." Kisha ziache zilivyo hadi zichukuliwe. Ukiwa na deni la Fuliza na zikakatwa, mwambie ukweli siku hiyohiyo na mwandikiane lini utamlipa. Na ukiulizwa na kampuni kama unakubali zirudishwe, kubali mara moja. Yuko mtu sokoni ambaye mzigo wake umewekwa kando akingoja jibu lako.